Funga Kitabu Kwanza, Mwanangu

Mwanangu, usidanganywe na wino wa njano. Nawaona wengi wenu mtihani unapokaribia: kitabu kiko wazi, kalamu ya rangi mkononi, macho yanapita kwenye mistari ileile kwa mara ya tatu. Kila mstari unaonekana umeuzoea, nawe unajiambia, "Hii naijua." Hujaijua bado. Umeitambua tu, kama unavyomtambua mtu uliyezoea kumwona stendi lakini jina lake hulijui. Mtihani hautakuonyesha uso wake. Utakuuliza jina.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi wavisome. Vifungu vingine walivirudia kuvisoma. Vingine walivisoma, vikaondolewa mbele yao, wakaandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, usomaji wa kurudia ndio ulioongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kurudia kusoma kuliwaachia asilimia 42, na kujikumbusha bila kutazama kukawaachia 56. Tazama mtego ulipo. Ukijipima mara tu baada ya kusoma, njia dhaifu ndiyo inayoonekana bora, na ndiyo maana watu wanaing'ang'ania.

Utaratibu ninaokuusia ni wa zamani kuliko utafiti huo. Ulitungwa na Francis Robinson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na ulienea kupitia kitabu chake cha mwaka 1946. Una hatua tano: kagua, uliza, soma, jisimulie, durusu. Walimu wengi huzitaja kwa pumzi moja, na wanafunzi huzifuata tatu za kwanza na kuiruka ya nne, ambayo ndiyo yenye kazi. Basi twende nayo pamoja juu ya sura moja ngumu, ile ya usafirishaji wa damu mwilini, iliyomo katika vitabu vya bayolojia vya sekondari.

Kukagua hakuhitaji muda. Fungua sura, pita vichwa vya habari vyote, tazama michoro, kisha soma muhtasari ulio mwishoni. Dakika moja au mbili zinatosha. Unachotaka ni kujua sura ina mambo makubwa mangapi: muundo wa moyo, mishipa ya damu, mzunguko wa damu, damu yenyewe, makundi ya damu. Ukijikuta umeanza kusoma aya, umeacha kukagua. Songa mbele.

Sasa geuza kichwa cha kwanza kiwe swali, hicho kimoja tu. Hapa kuna kosa ambalo halionekani. Kichwa kinasema "Muundo wa moyo", nawe unaandika, "Moyo ni nini?" Swali hilo limekufa, kwa sababu unaweza kulijibu bila kusoma chochote. Uliza linalodai sababu au tofauti: "Kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia?" Mchoro uliouona ulipokagua ndio uliokupa swali hilo. Sasa unasoma ukiwinda kitu maalumu.

Soma sehemu hiyo hadi mwisho wake bila kuandika. Najua mkono utakuwasha. Ukinakili huku unasoma, sentensi zinatoka kitabuni na kuingia daftarini bila kupita kichwani.

Kisha funga kitabu. Ninaposema funga, namaanisha kurasa zisionekane kabisa, wala usiweke kidole ndani ili uchungulie. Jibu swali lako kwa sauti, kwa maneno yako. Kitabu chako kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini anza na Kiswahili, kwa sababu katika lugha ya nyumbani huwezi kujificha nyuma ya sentensi ya mwandishi. "Upande wa kulia unasukuma damu hadi kwenye mapafu tu, na mapafu yako jirani. Upande wa kushoto unasukuma damu mwili mzima, kwa hiyo unahitaji msuli wenye nguvu zaidi." Jibu likitoka hivyo, lirudie kwa Kiingereza cha mtihani, ukitaja majina ya vitu kama yalivyo kitabuni. Halafu andika maneno machache tu ya kukukumbusha: "kulia mapafu, kushoto mwili mzima, ukuta mnene." Yasizidi mistari miwili.

Ukienda sehemu ya mishipa ndipo utakapoona faida ya kujisimulia. Wanafunzi wengi, kitabu kikishafungwa, husema: "Ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi, vena hubeba yenye oksijeni kidogo." Inasikika vizuri. Sasa jilazimishe uisimulie safari nzima ya damu. Inaingia auriki ya kulia, inashuka ventrikali ya kulia, inatoka kwa ateri ya mapafu kwenda mapafuni kuchukua oksijeni. Hapo utakwama, na ukikwama umefaulu: ateri hii imebeba damu isiyo na oksijeni nyingi! Fungua kitabu uone. Kumbe ateri huitwa hivyo kwa kuwa inaitoa damu moyoni, na vena kwa kuwa inairudisha. Ndiyo maana vena za mapafu huleta auriki ya kushoto damu iliyojaa oksijeni. Kosa hilo lingekaa salama chini ya wino wa njano hadi siku ya mtihani, kwa sababu kila mstari ulioupaka rangi ulikuwa sahihi.

Pima urefu wa kila kipande unachojisimulia. Ukijisimulia kila baada ya aya moja, unarudisha maneno ambayo bado yanalia masikioni. Ukingoja hadi sura iishe, yamemwagika. Kichwa kimoja cha habari ndicho kipimo, na kikiwa na kurasa nyingi kikate mara mbili. Michoro nayo haisimuliwi kwa mdomo: chora moyo upya kwenye karatasi tupu, andika majina, kisha ulinganishe.

Sura itachukua muda mrefu kuliko ulivyozoea, na jioni ya kwanza utahisi hujui kitu. Usiache kwa ajili ya hisia hiyo. Hata vile vifungu vya asilimia 75 vilikuwa nyuma baada ya dakika tano. Wala usiupeleke utaratibu huu kila mahali. Sura ya milinganyo ya hesabu haisomwi hivi, huko unakokotoa maswali hadi mkono uzoee.

Kudurusu kunaanza pale pale sura inapoisha. Funika maneno yako ya kukumbushia, acha maswali peke yake, uyajibu yote kwa dakika 5 hivi. Fanya hivyo tena baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki, bila kusoma sura upya. Swali ulilolijibu sawasawa liache lipumzike. Lililokushinda litie alama, fungua kitabu kwenye kichwa hicho kimoja, soma, ufunge, ujibu tena kabla hujaenda kwa linalofuata.