Pesa Inayoingia Si Yote Kipato

Nimekaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS, na faili hili nimelisoma likiwa tayari limeharibika. Nalisimulia kwa sababu kosa lililomo ndani yake linaweza kumpata yeyote kati yetu, awe anayeomba mkopo au anayeupitisha.

Mke ni muuguzi, mume ni fundi wa friji na viyoyozi Dar es Salaam. Walileta stetimenti za Februari, Machi na Aprili: ya mke ya benki na ya mume ya simu. Afisa mikopo alijumlisha kila kilichoingia kwenye akaunti zote mbili, akapata shilingi 5,700,000. Akagawa kwa tatu: 1,900,000 kwa mwezi. Rejesho jipya lingekuwa 480,000, na lile la mkopo wa zamani walioutaja wenyewe ni 180,000. Jumla 660,000, ambayo ni asilimia 35 ya kipato. Kikomo chetu ni asilimia 40. Mkopo ukapita.

Sasa tuzisome stetimenti zile mstari kwa mstari, tukiuliza kila shilingi imetoka wapi.

Kila baada ya mshahara, laki mbili zilitoka benki kwa mke, na dakika chache baadaye laki mbili zikaingia kwenye simu ya mume. Ni pesa ileile, imehama chumba tu. Afisa aliihesabu mara mbili, na kwa miezi mitatu hiyo ni 600,000. Machi iliingia 1,200,000 kutoka kwa kijumbe wa upatu. Tena mara tatu mume alipokea mkopo wa simu, jumla 300,000. Ukiondoa hizo zote, kinabaki 3,600,000: mshahara wa mke 780,000 kila mwezi, na kazi za mume zilizomwingizia wastani wa 420,000. Kipato cha kweli cha nyumba ile ni 1,200,000 kwa mwezi.

Upande wa madeni nao haukuchunguzwa. Fomu iliuliza una mkopo gani, nao wakajaza ule mmoja. Hawakudanganya. Wengi wetu hatuuiti upatu deni. Lakini mchezo ule ulianza Januari, wanachama 12, laki moja kila mmoja, na mke alipokea Machi. Tangu siku ile alibaki anadaiwa laki moja kila mwezi hadi Desemba. Mikopo ya simu nayo ilikuwa ikilipwa kwa wastani wa 90,000 kwa mwezi. Weka pamoja 480,000, 180,000, 100,000 na 90,000: unapata 850,000. Gawa kwa 1,200,000. Ni asilimia 71.

Zilibaki 350,000 za kula, pango, nauli na watoto.

Kinachoniuma ni kwamba stetimenti zenyewe zilikuwa zikisema. Marejesho ya simu yalikuwa 70,000 Februari, 95,000 Machi, 105,000 Aprili. Kazi za mume zilikwenda kinyume: 470,000, kisha 410,000, kisha 380,000. Deni linapanda, kipato kinashuka, na wastani huficha mwendo huo. Ukiona hivyo, simama. Februari na Machi ni joto kali Dar, kila mtu anatafuta fundi wa kiyoyozi. Juni na Julai kunapoa na simu yake inanyamaza. Miezi mitatu ile ilimpiga picha akiwa kwenye msimu mzuri. Tena soma safu ya salio, ambayo wengi wetu huipita. Mshahara uliingia tarehe 24, na kufikia tarehe 27 salio lilikuwa chini ya elfu tano, miezi yote mitatu. Mara mbili mkopo wa simu uliingia siku ileile ya kulipa rejesho la zamani, yaani deni lililipwa kwa deni.

Muulize mwombaji, kwa upole, kila muamala mkubwa ulioingia ulikuwa wa nini, na kila kinacholipwa kwa namba ileile kila mwezi ni cha nani. Maswali hayo huchukua nusu saa. Muulize pia ada za Januari na Julai, maana stetimenti za Februari hadi Aprili haziwezi kuzionyesha.

Kufikia Agosti marejesho yalikwama, na kamati ikaanza kukata akiba za wadhamini wawili. Familia ile haikustahili kukataliwa moja kwa moja. Asilimia 40 ya 1,200,000 ni 480,000. Ukitoa madeni ya 370,000 waliyokuwa nayo, walimudu rejesho la 110,000, basi, kwa mkopo mdogo. Na kama wangesubiri upatu uishe Desemba, wakafunga na mikopo ya simu, nafasi yao ingefika 300,000.