"Sahau Nililokuambia"

Wengi wetu tunaotumia programu za akili mnemba kwenye simu tumekwisha kuandika sentensi kama hii: "Sahau nililokuambia mwanzo." Jibu huja mara moja, tena la adabu: sawa, nimesahau, tuendelee. Nasi tunaendelea kwa moyo mwepesi. Lakini inafaa tujiulize ni nani hapo aliyesahau, na amesahau nini.

Tuchukue mfano. Mzee wa kanisa ameombwa aandike barua ya kumpendekeza kijana awe mhazini wa umoja wa vijana. Hana mazoea ya kuandika barua, basi anafungua programu na kuieleza: kijana ana miaka 26, ameimba kwaya muda mrefu, ni mwaminifu, ingawa mwaka juzi ilisemekana kwamba fedha za mchango zilipungua mikononi mwake. Akishatuma, anakumbuka kwamba jambo lile lilichunguzwa na baraza la wazee, ikaonekana aliyekosea hesabu ni mtu mwingine kabisa. Anaandika: "Sahau habari ya fedha. Andika barua." Programu inajibu kwamba imesahau, kisha inaandika. Fedha hazitajwi popote. Lakini katikati ya barua tunakuta kwamba kijana atafanya kazi vizuri "akisimamiwa kwa karibu", na mwishoni kwamba "anastahili kupewa nafasi tena". Tena? Baada ya kosa gani? Wanakamati watakaoisoma hawatajua neno hilo limetoka wapi, ila watalisikia.

Si lazima barua itoke hivyo kila mara. Siku nyingine itatoka safi. Ila ikitoka hivyo, sababu yake inajulikana.

Modeli ya lugha, yaani ule mtambo ulio nyuma ya programu, haikai na habari zetu kichwani ikitusubiri tuandike tena. Kila tunapotuma ujumbe, programu huchukua mazungumzo yote tangu salamu ya kwanza, yetu na yake, huyaunganisha kama karatasi moja ndefu, na kuipa modeli kazi ya kuendeleza pale karatasi ilipoishia. Modeli huandika jibu kipande kwa kipande, na katika kuchagua kila kipande hupima yote yaliyotangulia kwenye karatasi hiyo. Kumbukumbu ya mazungumzo ndiyo karatasi yenyewe.

Sasa, neno "sahau" linaingia wapi? Linaingia chini ya karatasi, kama mstari mmoja zaidi. Mstari wa juu uliosema habari za fedha haukuguswa. Tena sasa fedha zimetajwa mara mbili, mara ya kwanza kwa habari na mara ya pili kwa katazo. Kila neno la barua litapimwa karatasi ikiwa na mistari yote miwili.

Mbona basi inasema imesahau? Kwa sababu imejifunza kutokana na maandishi ya watu, na katika maandishi hayo mtu akiombwa kusahau, jibu linalofuata kwa kawaida ni "haya, yamekwisha". Ni jibu linalofaa mahali pale, si taarifa ya jambo lililotendeka ndani. Je, huo ni uongo? Mwongo ni yule anayejua kweli akaificha, na hatuna haki ya kusema kwamba modeli inajua hivyo. Hata hivyo aliyepokea jibu amepotoshwa sawasawa na aliyedanganywa, na sisi tunaona wanaotengeneza programu hizi hawana budi kulibeba hilo. Jibu la kweli lingekuwa: sitalitaja, lakini bado lipo mbele yangu.

Tusiende mbali mno, maana ombi lile si bure. Modeli hulichukua kama agizo, na mara nyingi hulitii kwa kutolitaja jambo. Ukibadili ukumbi wa kitchen party ukaiambia isahau ule wa kwanza, hiyo yatosha. Hatari iko kwenye habari zinazobadili namna ya kumpima mtu. Jina la jambo linaweza kuzuiwa lisitokee, lakini uzito wake ukapita katika uchaguzi wa maneno, katika sifa iliyopunguzwa kidogo, katika "ingawa" iliyowekwa pasipohitajika.

Anayetaka kuhakikisha aiulize mwishoni: "Ni jambo gani nilikuambia usahau?" Mara nyingi italieleza lote. Ikisema haijui, hilo nalo si ushahidi, kwa kuwa huenda inatii tu agizo la kutotaja. Kipimo kizuri zaidi ni kufungua mazungumzo mapya, kuomba barua ileile bila kutaja fedha kamwe, na kuzilinganisha barua hizo mbili. Afanye hivyo zaidi ya mara moja, maana modeli haiandiki maneno yaleyale kila mara.

Kuna kinyume chake cha kushangaza. Karatasi ina ukomo wa urefu. Mazungumzo yakirefuka mno, programu nyingine hukata sehemu za mwanzo au kuzifupisha, na hapo modeli huanza kupoteza hata yale tuliyosisitiza iyashike. Hivyo inaweza kupoteza tusichotaka kipotee, na kubaki na kile tulichoiomba ikiache.

Wanadamu nao hawafuti. Aliyeibiwa na nduguye akasema "nimekusamehe na nimesahau" bado anajua siku na kiasi. Tofauti ni kwamba anaweza kuamua kutomhesabia, na kuamua tena kesho yake jambo linapomrudia. Anajilinda asimwonee, na akiona neno kali limemponyoka hurudi kuliangalia lilikotoka. Modeli haina ulinzi wa namna hiyo juu ya nafsi yake. Lakini ina kitu ambacho sisi hatuna. Kwetu maji yakimwagika hayazoleki, ila kwake yanazoleka, kwa sababu mstari ukiondolewa kwenye karatasi haiachi hata kivuli katika jibu linalofuata.

Kwa hiyo mzee wetu ana njia mbili. Programu nyingi humruhusu kurudi kwenye ujumbe wake wa mwanzo, kuubadili na kuutuma upya. Hapo mazungumzo huanzia kwenye mstari uliosahihishwa. Au aanze mazungumzo mapya kabisa. Kama kuna sababu ya kubaki katika yaleyale ya kwanza, basi asiseme "sahau", aseme kweli yote: jambo lilichunguzwa, kijana hakuwa na kosa. Habari kamili ina nguvu kuliko katazo, ingawa ni afadhali zaidi isiwepo kabisa katika barua ya namna hii.

Tena aangalie sehemu ya mipangilio. Baadhi ya programu zina kumbukumbu ya pembeni inayobeba habari kutoka mazungumzo mamoja hadi mengine, na kufuta mazungumzo si lazima kufute kilichokwisha kuhifadhiwa humo. Hufutwa peke yake. Ile sehemu ya zamani aliyoibadili nayo inaweza kubaki katika akaunti yake. Na hata alichofuta kwenye skrini huweza kukaa kwa muda katika mitambo ya kampuni, kufuatana na masharti yake. Huko hakuna barua itakayoharibika, ila liko jina la kijana na shutuma aliyokwisha kuondolewa na baraza, vimeandikwa na mkono ambao yeye hakuupa ruhusa.