Nguo Isiyo na Fundo

Hapa Msasani, mjini Tukuyu, asubuhi ya ukungu mzee hutoka nje amejitanda blanketi, na ncha yake moja ameitupa juu ya bega la kushoto. Hapana amwitaye mshenzi. Walakini mwaka 1968 serikali yetu iliwashurutisha Wamasai waache lubega wavae suruali, kwa kuwa lubega ilihesabiwa kuwa aibu ya taifa. Yafaa basi tuulize: je, nguo isiyoshonwa humpunguzia mtu heshima?

Na tuitazame toga ya Warumi, maana ndiyo nguo ya kujitanda iliyopata sifa kuu kuliko zote. Ilifumwa kwa sufu, urefu wake ukapata mita 5 au kuzidi, na upindo wake mmoja ulikuwa wa mviringo ili nguo ishuke vizuri miguuni, isining'inize pembe kama shuka zetu. Mtu alivaa kwanza kanzu fupi. Kisha ncha ya toga ilitelemshwa mbele toka bega la kushoto hata karibu na miguu. Sehemu iliyobaki ikapitishwa mgongoni, chini ya kwapa la kulia, ikavuka kifua, ikatupwa tena juu ya bega lile lile la kushoto, ianguke nyuma. Hapakuwa na fundo wala pini. Iliyoishika ni uzito wa sufu pamoja na mkono wa kushoto uliokunjwa daima. Mkono ukilegea, nguo yote huporomoka. Tajiri alihitaji mtumwa wa kumpangia mikunjo.

Lubega hufungwa fundo begani, na mchungaji hubaki na mikono yake miwili. Tofauti hii si ndogo. Heshima ya toga ilikuwa kumtangaza mtu asiyelazimika kushika jembe. Inasimuliwa kwamba wajumbe walipomwendea Sinsinato shambani, mwaka 458 kabla ya Kristo, ilimbidi kwanza ajipanguse jasho na vumbi, mkewe amletee toga kutoka kibandani, ndipo asikie agizo la Baraza. Mimi naona alikuwa mtu kamili tangu alipokuwa kwenye mifuo.

Suruali nayo, kwa Warumi, ilikuwa vazi la washenzi wa kaskazini. Mwishoni mwa karne ya nne Kaisari Honorio alipiga marufuku kuivaa ndani ya mji wa Rumi. Ajabu iliyoje: sheria ile iliifukuza suruali, na amri ya 1968 ikaifukuza lubega, na zote mbili zilitumia jina la ustaarabu!

Tena raia wenyewe waliichoka toga mapema. Tangu zamani za Augusto walipendelea majoho mepesi ya kufunika mabega, hata akawaagiza wasimamizi wa mji wasimwache mtu kusimama uwanjani pasipo toga.