Fundi Aliyesemeshwa Asilolisema

"Umenisemesha nisilolisema, mwanangu."

Ndivyo fundi alivyoanza kwenye simu. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Mzee wa Nungwi akiiacha salamu, ujue jambo limemkaa kooni.

Wiki mbili kabla ya simu ile nilikuwa nimekabidhi filamu ya dakika sita juu ya ujenzi wa majahazi, kazi ya mteja mmoja wa Dar es Salaam. Mahojiano yalikuwa ya dakika 47. Fundi alikaa juu ya gogo kando ya jahazi ambalo mataruma yake yalikuwa bado wazi upande mmoja, bahari nyuma yake, na vijana wake wakigonga misumari hatua chache kutoka pale. Kamera ilikuwa moja tu, juu ya stendi, haikusogezwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kutoa dakika sita ndani ya 47 ni kukata, na ukikata mahojiano ya kamera moja kila kiungo kinajionyesha. Fundi alikuwa ameinama, mara yuko wima. Mkono ulikuwa gotini, mara uko hewani. Huo ndio tunaouita mruko. Unatokea kwa sababu picha mbili ulizounganisha zinalingana kupita kiasi, pembe ileile na ukubwa uleule, hivyo jicho haliamini kwamba limepewa picha nyingine. Linaona mtu yuleyule ameshtuka kama aliyechomwa sindano. Watu wa filamu wana kanuni yao hapa: kati ya picha mbili za mtu mmoja, kamera ihame angalau nyuzi 30, ndipo jicho likubali. Mie sikuwa na kamera ya pili ya kunipa hizo nyuzi 30. Nilikuwa na viungo 23.

Nilianza na njia ya mkato. Programu nyingi za uhariri zina kitu cha kuyeyusha kiungo. Kwenye Premiere kinaitwa `Morph Cut`, kwenye DaVinci Resolve `Smooth Cut`. Kompyuta inabuni fremu chache za katikati ili uso wa kwanza ugeuke kuwa wa pili bila kishindo. Kinafanya kazi vizuri kwa mtu aliyetulia mbele ya ukuta mtupu, anayesema kwa mdomo peke yake. Fundi wangu anasema kwa mikono, na nyuma yake mawimbi hayatulii. Vidole vyake viliyeyuka kama mshumaa na mstari wa bahari ukapinda. Kati ya viungo 23, viwili tu vilikubali.

Nikajaribu kukuza picha. Nilikuwa nimepiga kwa 3840 × 2160 na filamu ilitakiwa kwa 1920 × 1080, kwa hiyo ningeweza kuikuza hadi mara mbili bila kupoteza ukali. Hapa nilikosea kwa woga: niliongeza asilimia 5 tu nikidhani mtazamaji hataona. Aliona. Ukuzaji mdogo hivyo unaonekana kama mtu aliyeigonga stendi kwa goti. Nilipofika asilimia 30, nikahakikisha macho ya fundi yamebaki kwenye kimo kilekile cha skrini, ndipo ikasomeka kama kamera nyingine. Viungo sita vikaponea hapo.

Vilivyobaki nikavifunika kwa picha za kazi: tezo likichonga, pamba ya kalafati ikipenyezwa kati ya mbao, mkono ukipaka sifa. Ufunikaji nao una namna yake. Picha ya kufunika ikianza palepale penye kiungo na kuishia palepale, inakuwa kiraka. Mtazamaji anahisi kuna tundu chini yake. Niliitanguliza kama nusu sekunde kabla ya kiungo, nikaiacha ipite mpaka fundi amalize wazo, halafu nikarudi usoni mwake anapovuta pumzi ya sentensi mpya. Mahali pengine nilifanya kinyume: sauti yake ianze huku bado tunatazama tezo, uso ufuate baadaye. Macho yakisindikizwa na sauti hayaulizi maswali.

Masikio yanauliza. Nilipovaa hedifoni nikasikia nyundo. Vijana walikuwa wakigonga kwa mapigo, ta, ta, ta, na kila kiungo kilikuwa kimeyakata mapigo yale katikati. Hata pale macho yalipotazama tezo tu, sikio lilisikia nyundo ikijikwaa. Picha haifuniki sauti. Bahati yangu ni kwamba siku ile nilirekodi dakika moja ya sauti ya mahali peke yake, fundi akiwa kimya na vijana wakiendelea. Nikaitandaza chini ya filamu nzima, nikapunguza nyundo zilizomo ndani ya maneno ya fundi kadiri nilivyoweza, na kila kiungo cha sauti nikakipitishia mchanganyiko wa fremu nne, ambazo kwa fremu 25 kwa sekunde hazifiki hata robo sekunde. Ikalainika. Nilijisifu, nakiri.

Sasa njoo kwenye kiungo cha tisa.

Dakika ya 14 nilimuuliza fundi juu ya miti. Akasema: "Mwembe mzuri, mwepesi kuchonga, na unapatikana hapahapa. Lakini huo wa ngalawa. Ubavuni mwa jahazi mie siuweki." Kisha simu yake ikaita, kijana akaleta chai, maneno yakapotea. Dakika ya 31 akaurudia mti, sasa akiusema mtiki: "Ghali, lakini ndio ninaoutumia tangu nianze kazi na marehemu baba."

Mie usiku ule nilikuwa natafuta sekunde za kupunguza. Sentensi ya ngalawa niliitoa kwa kuwa filamu ilihusu majahazi. Sentensi ya marehemu baba niliipenda kwa sauti yake, ila neno "ghali" lilianza na kikohozi, nikalikata pamoja na "lakini" yake. Kilichobaki, kikiwa kimeunganishwa, ni hiki: "Mwembe mzuri, mwepesi kuchonga, na unapatikana hapahapa. Ndio ninaoutumia tangu nianze kazi na marehemu baba." Juu yake, sekunde sita za tezo likichonga ubavu wa jahazi.

Lugha yetu kwa kawaida ina mlinzi mlangoni. Lau fundi angesema habari ya mbao, angemalizia na "ndizo ninazozitumia", na kuiunganisha na mwembe kungelia masikioni kama chombo kilichopasuka. Ngeli hukamata viungo vingi vya namna hii. Mara nyingi nimemsikia msemaji wa redio akianza na "kitabu" na kumaliza na "uliandikwa", nikajua pamepita mkasi. Lakini mwembe na mtiki ni ngeli moja, na ule "ninaoutumia" ukaukubali mwembe kama wake. Mlinzi alilala.

Aliyekuwa macho alikuwa mruko wenyewe. Kati ya dakika ya 14 na ya 31 jua lilikuwa limesogea. Kivuli cha kofia kilikuwa kimeshuka kutoka kwenye nyusi hadi katikati ya pua. Niliona. Nakumbuka kabisa niliona, nikasema hapa pabaya, pafunikwe. Kivuli kile kilikuwa kinaniambia kwamba hawa ni watu wawili wa saa mbili tofauti wanaojibu maswali mawili, nami nikakisikia kama kasoro ya mwanga.

Mtu wa Pemba aliyekuwa ametoa arubuni ya jahazi akaiona filamu kwenye simu. Akauliza: hilo langu nalo unalijenga kwa mwembe? Akaitaka arubuni yake. Ndipo fundi aliponipigia simu.

Waliokaa kwenye viti vikubwa kuliko changu wamewahi kuteleza hapohapo. Mwaka 2016 ilitoka Marekani filamu ya habari iitwayo Under the Gun, iliyoongozwa na Stephanie Soechtig, mhoji akiwa Katie Couric. Aliwauliza wanachama wa chama kimoja cha watetezi wa silaha huko Virginia swali juu ya kuwachunguza wanunuzi wa bunduki. Kwenye filamu, baada ya swali tunaona nyuso zao zikiwa kimya kwa kama sekunde nane, mmoja anatazama chini, kana kwamba wamekosa la kusema. Chama kilikuwa na rekodi yake ya sauti: walijibu hapohapo. Nyuso zile za kimya zilitoka mahali pengine pa mkanda. Couric alikiri hadharani kwamba kipande kile kilipotosha. Chama kilifungua kesi ya kuchafuliwa jina. Mahakama ya shirikisho iliitupa mwaka 2017, na rufaa ikashindwa mwaka 2018. Sheria iliwaachia watengenezaji, ila filamu haikutajwa tena bila sekunde nane zile. Angalieni: hakuna neno hata moja lililobadilishwa. Picha ya kufunika ndiyo iliyojibu swali kwa niaba ya watu.

Nilivuka kwenda Nungwi na kompyuta. Nikamwekea fundi filamu bila vifuniko vyote, mirukoruko ikiwa wazi, na chini ya kila kipande nikaandika dakika kilikotoka. Fundi hajui kuhariri, lakini alipoona "14" imefuatwa na "31" aliweka kidole palepale kwenye skrini. "Hapa," akasema. Hakugusa pengine. Viungo vingine 22 vilikuwa vya kuondoa kikohozi, "eee", jambo lililosemwa mara mbili. Vyote ndani ya jibu moja. Hivyo kuvifunika hakumdhuru mtu.

Toka siku ile nahariri hivyo. Nakata kwa maneno kwanza na kuiacha mirukoruko ionekane, namwonyesha mtu ambaye hakuwepo kwenye mahojiano, ndipo nafunika. Kiungo kinachoshika majibu mawili sikifuniki kwa siri: naiweka sauti ya swali katikati, au nauacha mruko uonekane. Godard aliuacha kwa makusudi katika filamu yake ya kwanza ndefu mwaka 1960 na hakuna aliyekufa. Na nikimaliza kuhoji siku hizi sikunji stendi. Nabaki nusu saa kupiga picha za vitu alivyovitaja msemaji kwa jina, ili mwembe ukitajwa nionyeshe ngalawa.

Filamu iliyorekebishwa ina dakika sita na sekunde 22. Sentensi ya ngalawa imerudi mahali pake, na mruko mmoja unaonekana wazi baada yake. Ile ya kwanza bado inazunguka kwenye simu za watu, sina pa kuifutia. Mtu wa Pemba alilijenga jahazi lake kwa fundi mwingine.