Mupwa ao Mugeni: Nani Atasimama ku Kontwari?

Mutu akifungua butiki yake ya kwanza, anaweza kusimama mwenyewe ku kontwari miezi sita, pengine mwaka muzima. Kisha siku inafika anapashwa kwenda Kasumbalesa kununua unga, ao kupeleka mugonjwa ku hospitali, na butiki inabaki imefungwa. Siku tatu za namna hiyo zinatosha: wanunuzi wanazoea kwa jirani. Hapo ndipo anaanza kutafuta musaidizi, na ku meza ya jamaa jibu linakuwa limeisha kupikwa mbele yeye hajauliza: “Mutoto wa dada yako anakaa bure. Utalisha mutoto wa wengine, na wako anakuangalia?”

Ninaandika juu ya neno hili kwa sababu lilipita mu nyumba yetu. Katika miaka 2003 na 2004, Gécamines iliacha wafanyakazi zaidi ya 10,000 waende kwa njia iliyoitwa kuondoka kwa mapenzi. Kila mumoja alipewa makuta yake mara moja, na wengi mu Katanga walifungua butiki ndogo. Baba yangu alikuwa mumoja wao. Alifungua yake mu komini ya Katuba mwaka 2004: unga, sukari, mafuta, sabuni, mishumaa, chumvi. Mimi nilikuwa ninasoma bado, nikapewa kazi ya kushika kaye.

Musaidizi wake wa kwanza alikuwa mupwa wake, mutoto wa dada yake. Wasomaji wanajua ya kwamba hapa kwetu neno mupwa si dogo. Kwa Babemba, Balamba na Balala, ukoo unafuata upande wa mama, na mupwa ndiye murithi wa mujomba. Kwa hiyo yule kijana hakuingia butiki kama mutumishi. Aliingia kama mutu anayesimama ndani ya mali ambayo siku moja inaweza kuwa yake. Hakuna aliyeongea mushahara. Atakula, atalala, na “tutaona baadaye, tutakufungulia yako.”

Tusimuseme vibaya kwa haraka. Alilala ndani ya butiki, na usiku mu Katuba hiyo peke yake ni kazi ya mulinzi. Makuta yalipokosekana alivumilia. Alijua ni nani mu barabara yetu analipaka deni na ni nani analikimbiaka. Mama yake alikuwa mutu wa kujibu mbele yetu, na mutu wa kujibu ni kitu ambacho mugeni haletaki.

Shida ilionekana siku tulipohesabu. Na tulihesabu kwa kuchelewa sana: miezi kumi na mbili ilikuwa imepita, hatujafanya enventeri hata mara moja. Baba, ambaye miaka yote alikuwa akipita mu pwentaji kila asubuhi ku kazi na hakuona haya, aliona haya kumuhesabia mutoto wa dada yake. “Nitamuonyesha kama simuamini,” ndivyo alivyosema.

Namna ya kuhesabu ni rahisi, na ninaiweka hapa kwa sababu wengi wanaangalia tu makuta ya jioni. Unahesabu vitu vyote kwa bei ya kuuza, siyo bei ya kununua. Ku mwanzo wa mwezi tulikuta vitu vya dola 1,000 (ninaandika katika dola ili msomaji asipotee mu faranga za wakati ule). Mu mwezi tuliingiza vya dola 600. Jumla 1,600. Mupwa alitoa makuta 520, na mu kaye ya madeni kulikuwa 40. Kwa hiyo ku rayoni palipashwa kubaki vitu vya 1,040. Tulipata 985. Dola 55 hazikuonekana. Kwa mauzo ya 560, faida yetu ilikuwa kadiri ya 84. Toa 55, zinabaki 29 za kulipa nyumba, takse na kila kitu. Butiki haikuwa inakufa kwa sauti. Ilikuwa inakufa polepole.

Watu wote mu nyumba walisema neno moja: anaiba. Baba naye alilisema. Lakini kwa kuwa kaye ilikuwa mukononi mwangu, niliomba siku mbili nitafute zile 55 zilipita wapi.

Kwanza sukari. Mufuko wa kilo 50 ulipashwa kutoa glasi 250 za gramu 200, kila moja senti 20 za dola, ndiyo dola 50. Tulipima glasi ya mupwa ku kilo: gramu 220. Alikuwa anajaza kichwa juu, kwa sababu mama mununuzi anamuita “mwanangu” na anaangalia glasi. Mufuko ukatoa glasi 227. Mu mifuko mitatu ya mwezi, karibu dola 14 zilitoka namna hiyo, hakuna aliyezila. Pili, mama yangu na sisi watoto tulitwaa sabuni, mafuta na mishumaa kwa nyumba bila kuandika: 18. Tatu, wajomba na mashangazi walitwaa vitu na kusema “utamuambia mujomba wako,” naye hakuandika kwa sababu aliogopa kuonekana kama anawahesabia: 12. Jumla ni 44. Zikabaki dola 11 ambazo sikupata njia yake. Labda zile alizila yeye.

Jamaa likakaa. Yule kijana alisikiliza yote, kisha akasema: “Mi sikuiba. Nilikula kwa mujomba wangu. Na miezi kumi na ine hii, munanilipaka ngapi?”

Neno lile halijanitoka. Wakati ule kijana wa butiki alikuwa anaweza kupata dola 25 kwa mwezi. Mara kumi na ine ni 350. Tulikuwa tunamutafuta kwa dola 11 za mwezi, na sisi hatukumulipa 25 za mwezi. Ni nani alikuwa mwizi? Wazee watasema mupwa halipwi, anarithi. Lakini ile desturi ilizaliwa wakati mali ilikuwa shamba, na mupwa aliona muhogo unakua mbele ya macho yake. Butiki ni namna nyingine ya mali: ukila mutaji leo, kesho hakuna cha kurithi, hata kwa yule aliyeula. Ahadi ya “tutaona baadaye” inamufundisha kijana ajilipe mwenyewe, kidogo kidogo, bila kujua amefika wapi. Sisi tuliita ile hali uaminifu. Mimi leo ninaona ilikuwa uvivu wetu, tuliuvika nguo ya undugu.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Hata mupwa mwenye moyo safi hana neno la kukatalia. Shangazi akisimama mbele ya kontwari na kuomba kilo mbili za unga kwa deni, mupwa atajibu nini? Mugeni anaweza kusema: “Mama, unisamehe, patro hajaniachia ruhusa,” na hakuna anayemuchukia. Mupwa akisema vile, jioni maneno yanafika ku kijiji. Kwa upande huo mugeni analinda hata amani ya jamaa, kwa sababu yeye si wa kwetu.

Mupwa akaondoka mwisho wa mwaka 2005, bila kufukuzwa na bila kuagana, kama ilivyo desturi mbaya ya jamaa zetu. Shangazi alikaa karibu miaka miwili hajakanyaga kwetu.

Mwaka 2006 baba akatwaa mugeni. Alitaka mutu wa kumusimamia, na mufundi seremala wa barabara yetu akaja kusema mbele ya wote: huyu ninamujua, nyumba yao ninaijua. Wakaandika karatasi, jinsi sheria ya kazi ya 2002 inavyotaka: dola 30 kwa mwezi, miezi miwili ya kujaribiwa, kipande cha sabuni na kilo mbili za unga kila juma. Kila siku ya posho jioni wote wawili walihesabu pamoja, mumoja anataja, mwingine anaandika, na kila mumoja anatia sinyi. Baba aliweka pia kaye ya nyumba, na mama yangu akaandika sabuni yake kama mununuzi yeyote. Alinuna juma mbili. Dola zisizoonekana zikashuka, hazikupita tena 8 kwa mwezi.

Lakini nisidanganye, mugeni hakuwa malaika. Mu mwaka wa pili hesabu ilikuwa inatoka sawa kabisa, na bado faida ilipungua. Tulishangaa sana. Sukari iliyokuwa inaisha mifuko mitatu sasa haikuisha miwili, na wanunuzi walikuwa wengi vilevile. Siku moja nikaona nyuma ya mulango boksi la mishumaa la namna ambayo baba hakununua hata siku moja. Kijana alikuwa anapitisha vitu vyake mwenyewe: ananunua sukari na mishumaa, anaviuza ku kontwari yetu, makuta yanaingia mufuko wake. Enventeri haikuweza kuonyesha hilo, kwa sababu vitu vyetu vyote vilikuwa mahali pao. Alichotuibia ni wanunuzi.

Alipoulizwa, alijibu ya kwamba aliomba mara mbili mushahara uongezwe, na baba alijibu “tutaona baadaye.” Neno lilelile. Baba alinyamaza muda murefu. Akamuongeza hadi 40, akaongeza na neno moja ku karatasi: kitu chochote kisichonunuliwa na patro hakiingii butiki. Kijana alibaki miaka mitatu mingine.

Kwa hiyo mutu akiniuliza leo, ninamuambia atwae mugeni mwenye musimamizi kwa mara ya kwanza. Sababu si kwamba ndugu ni wezi. Mwenye butiki mupya hajajifunza bado kuhesabu mutu bila kumutukana, na ni vizuri ajifunze na mutu ambaye wataweza kuachana bila kuvunja ukoo. Tena siafikiane na wale wanaosema ndugu afukuzwe tu mbali. Mupwa ana haki yake ku mujomba. Haki hiyo ipewe kwa jina lake, makuta ya masomo ao mutaji mudogo, hesabu yake iwe mbali na ya butiki.

Yule mupwa wetu ana butiki yake sasa mu Ruashi. Mwaka uliopita nilimutembelea siku ya posho. Mudogo wake ndiye anasimama ku kontwari, na analipwa mwisho wa mwezi. Bibi wa mwenye butiki aliingia akaomba sabuni na chupa ya mafuta. Kijana alimusukumia kaye kwanza. Bibi akaandika, akatia sinyi, akanung'unika, kisha akapewa sabuni.