Namba Mbili Chanya Zilizozaa Hasi

Mwezi Juni 2006 Joshua Bloch, aliyekuwa akifanya kazi Google, alitangaza kasoro iliyokuwa imejificha kwa miaka tisa hivi ndani ya maktaba ya Java. Programu yenyewe aliiandika yeye mwenyewe. Ilikuwa programu ya utafutaji wa nusu kwa nusu, ile kanuni ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa mapema: orodha ikiwa imepangwa kwa mfuatano, unatazama katikati, unaitupa nusu isiyohusika, kisha unarudia kwenye nusu iliyobaki. Ndivyo mtu anavyotafuta neno kwenye kamusi.

Bloch hakuwa mzembe. Alikuwa amemsikiliza Jon Bentley akifundisha kanuni hiyo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na katika kitabu chake cha mwaka 1986 Bentley aliithibitisha hatua kwa hatua kwa hoja za kihisabati, kisha akaijaribu. Donald Knuth naye ameandika kwamba kanuni hii ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1946, ila programu yake isiyo na kasoro ikachelewa hadi 1962. Kila mtu alijua basi kwamba hapa pana mitego, na kila mtu alikuwa ameitazama mitego ile ile: mwisho wa orodha, orodha tupu, kitu kisichokuwemo. Kasoro ilikaa kwenye mstari ambao hakuna aliyeushuku:

```
int mid = (low + high) / 2;
```

Jumlisha nafasi ya chini na ya juu, gawa kwa mbili, umepata katikati. Kihisabati hapana ubishi. Ila `int` ya Java si namba kamili ya daftarini. Ni biti 32, na biti 32 zina mpaka. Ili kuona kilichotokea, tupunguze mashine iwe ya biti 8 tu, tufanye hesabu yote kwa mkono. Hiki ndicho kipimo ambacho maswali ya majaribio hukipenda, na kila kitakachotokea hapa hutokea vile vile kwenye biti 32.

Biti 8 zinatoa mipangilio 256. Tukizisoma bila alama, zinaanza 0 hadi 255, kila nafasi ikiwa na thamani yake kutoka kushoto: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Kwenye kijalizo cha mbili tunabadilisha jambo moja tu: biti ya kushoto kabisa inahesabiwa kuwa -128 badala ya +128. Zile saba nyingine hazibadiliki. Kwa hiyo `11000100` ni -128 + 64 + 4, yaani -60. Wengi hukariri njia ya kugeuza biti zote na kuongeza moja, na ni njia sahihi: 60 ni `00111100`, ukiigeuza unapata `11000011`, ukiongeza 1 inakuwa `11000100`. Lakini kwenye mtihani mimi ningetegemea zaidi ile thamani ya -128, maana nayo unasoma namba yoyote moja kwa moja, na unaona pia kwa nini masafa ni kuanzia -128 hadi +127. Hasi kubwa kabisa ni biti ya kushoto ikiwa peke yake. Chanya kubwa kabisa ni zile saba zote zikiwa 1.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba prosesa haihitaji saketi mbili za kujumlisha. Jumlisha 60 na -60 kama biti za kawaida: unapata sifuri nane, na 1 moja inayobebwa nje upande wa kushoto na kuachwa. Saketi haijui kama namba ina alama au haina. Anayejua ni programu, wakati wa kusoma jibu. Hapo ndipo Bloch na Bentley walipokwamia.

Sasa tuchukue orodha ya vitu 120 kwenye mashine yetu ndogo, nafasi 0 hadi 119, na tuseme tunachokitafuta kiko karibu na mwisho. Mzunguko wa kwanza: 0 + 119 = 119, nusu yake ni 59. Hakuna tatizo, 119 haijavuka 127. Kilichomo kwenye nafasi ya 59 ni kidogo kuliko tunachotafuta, kwa hiyo `low` inapanda kuwa 60. Mzunguko wa pili:

```
  00111100     60
+ 01110111    119
= 10110011
```

Ukisoma bila alama, jibu ni 179, na ndilo sahihi. Lakini `low` na `high` zimetangazwa kuwa na alama, hivyo mashine inasoma -128 + 51, yaani -77. Ukiigawa kwa mbili, Java inakata sehemu ya desimali na kukupa -38. Programu inakwenda kutazama kitu kwenye nafasi ya -38 ya orodha, nafasi ambayo haipo. Katika Java inasimama papo hapo na kutoa kosa la `ArrayIndexOutOfBoundsException` lenye namba hasi. Katika C hakuna anayeizuia: inaweza kusoma kumbukumbu isiyo yake na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na hiyo ni mbaya zaidi.

Angalia pia kwamba kama kitu tulichokitafuta kingekuwa nusu ya kushoto, `high` ingeshuka hadi 58 na jumla isingevuka mpaka hata mara moja. Orodha ni ile ile, programu ni ile ile, na jibu linatoka sahihi. Mtu akijaribu maswali kumi yanayoangukia upande wa kushoto, ataondoka akiwa na hakika kwamba kazi ni nzuri.

Mpaka wa hatari ni rahisi kuupata. Orodha ikiwa na vitu 64 au pungufu, nafasi ya juu ni 63, na 63 + 63 ni 126; haivuki kamwe. Kikiongezeka kimoja tu, `low` na `high` zinaweza kukutana kwenye 64, na 64 + 64 ni 128. Kwenye biti 32 mpaka huo ni vitu 1,073,741,824. Orodha ya `int` yenye ukubwa huo inadai zaidi ya baiti bilioni 4 za kumbukumbu, na mwaka 1986 hakuna aliyekuwa nazo mezani. Majaribio ya Bentley yasingeweza kuugusa mpaka huo. Wala uthibitisho wake haukuwa na kosa la kihisabati: ulichukulia kwamba namba kamili hazina mwisho, dhana ambayo maunzi hayaikubali.

Je, prosesa yenyewe haikujua? Ilijua. Rudi kwenye ile jumla na ufuatilie tarakimu zinazobebwa. Kuanzia safu ya tatu kutoka kulia kuna 1 inayobebwa, inasukumwa safu kwa safu hadi inaingia kwenye biti ya alama. Humo inakutana na 0 na 0, inakuwa 1, na hakuna kinachotoka nje. Imeingia 1, imetoka 0. Hiyo tofauti ndiyo alama ya kufurika: kinachobebwa kuingia biti ya alama kisipolingana na kinachobebwa kutoka, jibu lenye alama limeharibika. Prosesa nyingi huinua bendera kwa ajili hiyo, mara nyingi ikiandikwa `V` au `OF`. Lakini Java haiitazami bendera hiyo kwenye `+` ya kawaida. Inaendelea na biti zilizobaki.

Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa kwa kuchanganya bendera hiyo na ile ya kubeba, `C`. Jumlisha -1 na -1: `11111111` mara mbili. Inatoka `11111110`, na 1 imebebwa nje. Je, imefurika? La. Ndani ya biti ya alama imeingia 1 na nje imetoka 1, zimelingana, na jibu ni -2 kama inavyotakiwa. Kwenye 60 + 119 mambo ni kinyume: hakuna kilichobebwa nje, na jibu limeharibika. Ukikosa muda wa kufuatilia tarakimu, tazama alama peke yake: chanya mbili zikizaa hasi, au hasi mbili zikizaa chanya au sifuri, kumefurika. Chanya na hasi zikijumlishwa haziwezi kufurika hata siku moja, kwa sababu jibu linaangukia kati yao.

Tiba ya kwanza ni kutoifikia ile jumla kubwa: `low + (high - low) / 2`. Kwa mfano wetu, 119 - 60 ni 59, nusu yake 29, ukiongeza 60 unapata 89. Hii ni salama kwa sababu nafasi za orodha hazishuki chini ya sifuri. Mtu akiihamishia kwenye namba zinazoweza kuwa hasi, kutoa nako kunafurika: 119 - (-100) ni 219, na biti 8 haziwezi kuibeba.

Tiba ya pili ndiyo inayofundisha zaidi, nayo ndiyo iliyomo ndani ya Java leo:

```
int mid = (low + high) >>> 1;
```

Jumla inaachwa ifurike. Lakini badala ya kugawa, biti zote zinasogezwa kulia hatua moja na 0 inaingizwa kushoto. `10110011` inakuwa `01011001`, yaani 64 + 16 + 8 + 1, ambayo ni 89. Biti hazikuwahi kupotea. 179 ilikuwepo yote, na kosa lilikuwa katika kuisoma. Mishale iwe mitatu lakini. Ukiandika miwili, `>>`, Java inainakili biti ya alama kushoto, unapata `11011001`, na umerudi kwenye hasi: -39.

Katika C habari ni kali zaidi. Bloch alipendekeza kwa lugha hiyo jumla ifanywe kwanza, kisha ibadilishwe kuwa namba isiyo na alama kabla ya kusogezwa. Mwaka 2008 msomaji mmoja alimwonyesha kwamba tiba hiyo nayo haikuwa na uhakika. Kanuni za C zinasema kufurika kwa namba zenye alama hakuna jibu lililowekwa, kwa hiyo kubadilisha aina baada ya kujumlisha ni kuchelewa. Jibu limeshakosa maana kabla hujaligusa. Bloch alirekebisha andiko lake, na mabadiliko ya aina yakahamia kabla ya kujumlisha:

```
mid = ((unsigned int)low + (unsigned int)high) >> 1;
```