Kura Yenye Mizani: Je, Ni Haki Nafasi Zetu Zisilingane?

Neno kura limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuchagua kwa bahati: vikaratasi vinachanganywa, mtu anatoa kimoja bila kuangalia, na jina lililotoka ndilo lililochaguliwa. Siku hizi tukisema tunapiga kura tunafikiria mgombea na sanduku. Katika insha hii nairudia ile maana ya kwanza, kwa sababu nchi kadhaa zimeirudia kwa vitendo. Mwaka 2015 Watanzania waliochaguliwa kwa bahati walikusanywa Dar es Salaam kujadili matumizi ya mapato ya gesi asilia. Mwaka 2016 Ireland ilianzisha baraza la raia 99 waliopatikana kwa kura. Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 2019 kwa raia 150 waliojadili tabianchi.

Katika mabaraza kama hayo ya Ireland na Ufaransa bahati haiachwi ifanye itakavyo. Inafungwa kwa mizani: wanawake wawe karibu nusu, kila eneo liwe na watu wake, vijana na wazee wasikosekane. Hapo ndipo linapozaliwa swali langu. Uzuri wa kura ya bahati ni kwamba haimpendelei mtu. Lakini mizani ikiingia, nafasi ya mtu mmoja kuchaguliwa huwa kubwa kuliko ya mwingine. Je, hiyo bado ni haki?

Ili tusijadili hewani, nachukua mfano wa kubuni kutoka hapa wilayani Rubavu. Tuseme inatakiwa kamati ya watu 8 ya kushauri jinsi ya kugawa meza za sokoni kati ya wachuuzi wa mjini na wakulima wanaoshusha viazi kutoka sekta za juu, kama Bugeshi, Busasamana na Mudende. Tangazo limetolewa, na watu 40 wamejiandikisha. Wanaume wa mjini ni 20, wanawake wa mjini 10, wanaume wa milimani 8, na wanawake wa milimani 2 tu.

Tukiweka majina yote 40 katika kapu moja na kutoa 8, kila mtu ana nafasi sawa kabisa: moja kati ya tano. Lakini tukipiga hesabu, uwezekano wa kamati hiyo kutokuwa na mwanamke hata mmoja wa milimani ni asilimia 64. Yule anayebeba gunia mgongoni na kukosa meza akifika sokoni huenda asiwemo mezani meza zinapogawiwa. Kwa hiyo tunaweka mizani: wanawake 4 na wanaume 4; watu wa mjini 4 na watu wa milimani 4.

Wengi hudhani kwamba kazi iliyobaki ni kutoa majina na kuruka yale yasiyofaa. Tujaribu. Majina matatu ya kwanza yanatoka, na yote ni ya wanaume wa mjini. Hakuna sharti lililovunjwa bado. Lakini tayari tumekwama: mjini kumebaki kiti kimoja, na wanawake wanne bado wanahitajika, kwa hiyo watatu wao lazima watoke milimani, na huko wamejiandikisha wawili tu. Itabidi kuanza upya. Kila tunapoanza upya, nafasi za watu zinabadilika kimyakimya, wala hakuna ukumbini anayeweza kusema nafasi yake ilikuwa ngapi. Hili ndilo kosa la kwanza la kura yenye mizani, na halionekani kwa macho, kwa kuwa kamati inayotoka mwishoni inatimiza masharti yote.

Njia bora ni kuhesabu kabla ya kutoa. Tuanze na wanawake wa milimani. Wakiingia wote wawili, viti viwili vya wanawake vilivyobaki vinakwenda mjini, na wanaume wanapata viti viwili mjini na viwili milimani. Akiingia mmoja tu, wanawake wa mjini wanapata viti vitatu, na wanaume 20 wa mjini wanabaki na kiti kimoja. Asipoingia hata mmoja, wanawake wa mjini wanachukua viti vyote vinne vya mjini, na wanaume 20 wanatoka mikono mitupu.

Matokeo haya yalinishangaza nilipoyaandika kwa mara ya kwanza. Mwanaume wa mjini angeweza kulalamika kwamba wanawake wa milimani wanapendelewa. Hesabu inasema kinyume: chini ya mizani hii, kila mwanamke wa milimani anayeingia humfungulia mlango mwanaume wa mjini. Nafasi yake iliyo kubwa kabisa, asilimia 10, inapatikana pale wanawake wote wawili wa milimani wanapoingia. Wanawake wa mjini hapo wana asilimia 20, na wanaume wa milimani asilimia 25.

Mwaka 2021 Bailey Flanigan, Paul Gölz, Anupam Gupta, Brett Hennig na Ariel Procaccia walichapisha katika jarida la Nature njia ya kuchagua mabaraza ya namna hii. Kanuni yao inaeleweka bila hisabati nzito: kati ya njia zote za kura zinazotimiza mizani, tafuta ile inayompa nafasi kubwa iwezekanavyo yule mwenye nafasi ndogo kuliko wote; ukishafika hapo, mtazame anayemfuata. Walionyesha pia kwamba njia ya kutoa jina moja moja, iliyokuwa ikitumika sana, iliweza kumwacha mtu aliyejitolea akiwa karibu hana nafasi kabisa.

Naona kanuni hiyo kuwa ya kimaadili kabla ya kuwa ya kihesabu. Haidai usawa usiowezekana. Inauliza ni nani anayelipa gharama ya mizani, na inapunguza gharama yake kwanza. Mtu aliyekosa anaweza kuambiwa: hakukuwa na njia ya kukupa zaidi bila kuvunja mizani au kumpunguzia mwenye nafasi ndogo kama yako. Hilo ni jibu ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipokea.

Lakini mfano wetu una doa. Wanawake wawili wa milimani wana nafasi ya asilimia 100. Wao hawakupigiwa kura. Walijiandikisha na kuingia. Yeyote anayetaka kuipotosha kamati anajua sasa mahali pa kupenyeza mtu wake. Ukiona kundi ambalo kila aliyejiandikisha anaingia, jua kwamba bahati imekwisha katika kundi hilo. Dawa haiko kwenye kura, bali kwenye mwaliko. Walioandaa wapande Bugeshi na Mudende, waende nyumba kwa nyumba, wabadilishe saa za vikao ili mama anayetoka shambani jioni aweze kufika, na walipe nauli.

Tuseme wamefanya hivyo na wanawake wa milimani waliojiandikisha wamefika 6. Sasa kura bora inawezekana kwa makapu manne na kadi tatu. Kadi mbili zimeandikwa 3, moja imeandikwa 2. Inatolewa kadi moja mbele ya watu, nayo inasema idadi ya wanawake wa milimani watakaoingia. Viti vya makundi mengine vinafuata kwa mizani ileile, kisha majina yanatolewa katika kila kapu. Kwa utaratibu huo mwanaume wa mjini na mwanamke wa mjini wana nafasi ileile, asilimia 13 na kidogo. Mwanaume wa milimani karibu asilimia 17. Mwanamke wa milimani asilimia 44. Ingawa watu wameongezeka, nafasi ya chini kuliko zote imepanda kutoka 10 hadi 13, na hakuna tena anayeingia bila kura.

Bado mtu atauliza: kwa nini 44 kwa huyu na 13 kwa yule? Jibu langu ni kwamba kura haikuanza ukumbini. Ilianza siku ya tangazo. Uingereza ilipotengeneza baraza la raia la tabianchi la mwaka 2020, barua zilipelekwa kwa kaya 30,000 ili kupata watu 110. Walio wengi hawakujibu. Wanaojibu si sura ya wananchi wote. Ni wenye muda, wenye mtu wa kuwaachia watoto, waliozoea kusikilizwa. Nafasi ya 44 inarudisha sehemu ya kile ambacho umbali na kazi vilikuwa vimekwisha kuondoa. Hairudishi yote, kwa maana wanawake sita waliojiandikisha hawafanani na wale waliobaki shambani, na mizani haiwezi kupima tofauti hiyo.

Umri unaleta mtego mwingine. Tukiongeza sharti la vijana 4 na watu wazima 4, kamati yenye wanawake wanne ambao wote ni watu wazima, na wanaume wanne ambao wote ni vijana, itapita bila tatizo. Kila mizani imetimia, lakini msichana hayumo. Kwa hiyo haitoshi kuhesabu jinsia peke yake na umri peke yake. Lazima tuchore jedwali linalovikutanisha. Wala hatuwezi kudai kila kitu: Rubavu ina sekta 12, na tukizizidisha kwa jinsia mbili na rika tatu tunapata makundi 72 kwa viti 8. Lazima mtu aamue kipi kipimwe na kipi kiachwe, na uamuzi huo haufanywi na bahati. Waathene wa kale walichagua baraza lao la watu 500 kwa kura, 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10, na kila kabila lilikuwa na sehemu ya mjini, ya pwani na ya bara. Mizani ya mahali ilikuwa nzuri sana, huku wanawake na watumwa wakiwa nje ya makapu yote.

Rwanda tumezoea kulinda mizani kwa njia nyingine. Katika Bunge letu la viti 80, wabunge 53 huchaguliwa na wananchi wote, 24 ni wanawake wanaochaguliwa na mabaraza maalumu, 2 ni wa vijana na 1 ni wa watu wenye ulemavu. Njia hiyo imefanya kazi, ila kila mmoja anajulikana ameingia kwa mlango upi. Katika kura yenye mizani wote wanapita mlango mmoja, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kwamba kiti chake ni cha hisani.

Ndiyo maana nasema kutolingana kwa nafasi kunaweza kuwa haki, lakini kwa masharti mawili. Nafasi ya anayepata kidogo kuliko wote iwe imeinuliwa hadi pasipoinulika tena. Na nafasi za kila kundi zibandikwe ukutani kabla jina la kwanza halijatolewa, ili mwanaume wa Gisenyi ajue 13 yake, mwanamke wa Bugeshi ajue 44 yake, na kila mmoja aulize sababu wakati bado kuna muda wa kujibiwa.